Maoni Yetu: Kipindi Kilichoahirishwa Kipewe Siku Yake

Mwalimu wa chuo akiugua, anaandika tangazo. Mengi ya matangazo hayo katika vyuo vyetu husema mambo matatu: mhadhara hautakuwepo, mwalimu anaumwa, siku ya kufidia itatangazwa baadaye. Wanafunzi wanajibu "ugua pole, mwalimu", wanarudi hosteli, na hiyo baadaye inasogea wiki baada ya wiki mpaka inagota kwenye wiki ya mwisho kabla ya mitihani, wakati walimu wanne wanagombea ukumbi mmoja na wanafunzi wanatakiwa kuwa sehemu mbili kwa saa moja. Msimamo wetu ni kwamba tangazo la kuahirisha mhadhara litoke likiwa na siku, saa na ukumbi wa kufidia. Mambo hayo yasipokuwa tayari, litaje tarehe na saa ambayo yatajulikana. Na siku itakayochaguliwa iwe siku ambayo darasa zima linaweza kufika.

Hatumlaumu mgonjwa hata kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, na siku 63 za mwanzo ni za mshahara kamili, mradi awe na cheti cha daktari. Mwalimu anayejikokota kuingia ukumbini akiwa na homa hamsaidii mtu, na akiwa na kifua au mafua makali anawaambukiza waliobanana viti vya mbele. Akae kitandani. Wala halazimiki kuwaeleza wanafunzi anaumwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti, na tangazo likishaingia kwenye kundi la wasap la watu mia mbili, hakuna wa kulirudisha. Maneno "ninaumwa, daktari amenipumzisha hadi Ijumaa" yanatosha. Ugonjwa wenyewe na cheti ni vya mwalimu na mkuu wake wa idara. Tunalisema hili kwa sababu walimu wengine huona haya kuandika kifupi, wakadhani wasipotaja vipimo na dawa wataonekana wanakwepa kazi.

Mwanafunzi anachohitaji kujua ni hadi lini, na habari hiyo imfikie mapema. Anayelijua eneo la Chimwaga ataelewa kwa nini. Mwaka 1995 mkutano mkuu wa CCM ulikaa katika ukumbi wa Chimwaga kumteua Benjamin Mkapa kugombea urais. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza kufundisha hapo hapo, kisha kikatanuka juu ya vilima katika eneo la takriban hekta 6,000. Ndaki zimetengana kwa umbali wa kuchosha kwa miguu. Wapo wanaokaa hosteli za ndani, na wapo waliopanga Ng'ong'ona na Makulu wanaolipa nauli kila wanapopanda. Mhadhara wa saa moja asubuhi unamtaka mwanafunzi awe ameondoka kwake kabla hakujapambazuka vizuri. Tangazo linaloingia saa 12:50 asubuhi linamkuta njiani, nauli imeshakwenda, upepo wa Dodoma unampiga vumbi usoni, na akifika anakuta mlango umefungwa na wenzake wamekaa kwenye ngazi wakisoma simu. Kwa hiyo mwalimu anayejihisi vibaya usiku atume neno usiku huo huo, hata kama bado ana matumaini kwamba asubuhi atakuwa ameamka salama. Kipindi kilichotangazwa kuwa kina mashaka kinaweza kuthibitishwa saa 12 asubuhi. Kipindi ambacho hakikutajwa kabisa kinawatoa watu wote nyumbani.

Maneno ya tangazo lenyewe nayo yanapoteza watu, na mawili ndiyo yanayoongoza. La kwanza ni "kesho". Ujumbe wa "kesho hakuna kipindi" ukiandikwa Jumatatu usiku ni wa kweli, lakini hautulii mahali ulipoandikwa. Unarushwa kundi hadi kundi, na aliyekuwa hana bando anaufungua Jumanne mchana. Kwake kesho imekuwa Jumatano, siku ambayo ana semina ya kozi ile ile, naye haendi. La pili ni saa. Ratiba zetu za chuo zinachapishwa kwa saa 24, lakini sisi tunasema saa kwa Kiswahili. Tangazo la "kipindi cha fidia ni saa 8" linasomwa na wengine kuwa saa nane mchana, na wengine, kwa mazoea ya ratiba, kuwa 08:00, yaani saa mbili asubuhi. Nusu ya darasa inafika saa sita kabla ya nusu nyingine. Dawa yake ni kuandika siku, tarehe na saa kwa namna zote mbili: Ijumaa, 24 Aprili 2026, saa 9:00 alasiri (15:00).

Kuna na namna ya kulituma. Siku hizi tangazo huchapwa, hutiwa sahihi na mhuri, hubandikwa ubaoni, kisha mtu hulipiga picha na kuituma kundini. Picha inathibitisha kwamba tangazo ni la kweli, na hilo ni jambo la maana kwa sababu ujumbe usio na jina wala tarehe mtu yeyote anaweza kuutunga. Lakini Chimwaga kuna wanafunzi wasioona, na programu ya simu inayowasomea maandishi kwa sauti mara nyingi haiwezi kuyatoa maneno ndani ya picha iliyopigwa kwa kupinda, kivuli cha mkono kikiwa juu ya karatasi. Kwao karatasi ya ubaoni haipo, na picha yake haipo. Maneno yale yale yaandikwe pia kama ujumbe wa kawaida chini ya picha. Ni kazi ya dakika mbili kwa kiongozi wa darasa, na anayebakiwa na bando kidogo atafaidika pia.

Sasa tuje kwenye neno gumu kuliko yote katika tangazo, nalo ni "darasa zima". Mwalimu anapouliza kundini "Jumamosi asubuhi mna nafasi?", wanajibu thelathini, ishirini na watano wanasema ndiyo, na siku inapangwa. Wale mia mbili walionyamaza hawakuulizwa kwa namna ya kuweza kujibu. Mhadhara wa ualimu au wa sanaa hauna darasa moja ndani yake. Una makundi ya michepuo yaliyokutana kwa saa mbili za kozi hiyo, kisha kila kundi linaelekea kwenye somo lake la pili, pengine katika ndaki nyingine. Nafasi ya kundi moja ni kipindi cha kundi jingine. Kwa hiyo usitafute nafasi kwa kuhesabu mikono ya watu. Itafute kwa kuweka ratiba za makundi juu ya meza moja.

Tuchukue darasa la kufikirika na tulifuate hatua kwa hatua. Ni kozi ya Fonolojia ya Kiswahili, mwaka wa pili. Wanafunzi 110 wanasoma Kiswahili na Historia, 80 wanasoma Kiswahili na Jiografia, 50 Kiswahili na Kiingereza, na 6 wanarudia kozi waliyobakiza mwaka uliopita; jumla 246. Mhadhara uko Jumanne, saa 4 asubuhi hadi saa 6 mchana. Semina za vikundi vidogo ziko Jumatano hadi Ijumaa. Jaribio la kwanza limepangwa Alhamisi, 23 Aprili. Jumatatu, 13 Aprili, jioni, mwalimu anazidiwa, anakwenda hospitali, anapewa mapumziko hadi Ijumaa, tarehe 17.

Usiku huo tunamdai mistari miwili tu, kwa mkuu wa idara na kwa kiongozi wa darasa: mhadhara wa Jumanne, 14 Aprili, saa 4:00 asubuhi (10:00) hautakuwepo, mpango wa kufidia utatangazwa na idara Jumanne hiyo hiyo kabla ya saa 10:00 jioni (16:00). Basi, azime simu alale. Kumtaka mtu mwenye homa atafute ukumbi ni ukatili, na hapa ndipo idara nyingi zinapokosea, kwa kuufanya ugonjwa wa mwalimu kuwa deni lake binafsi atakalolilipa akipona. Mratibu wa ratiba katika idara ni mzima, ana ratiba zote mezani. Kazi ni yake.

Mratibu anaanza na kitu ambacho wengi hawakifikirii, yaani mpangilio wa mada. Mada ya Jumanne iliyopotea ni silabi. Inayofuata ni mkazo, na mkazo wa Kiswahili hauelezeki kwa mtu ambaye hajaelewa silabi, kwa sababu kwa kawaida unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kipindi cha fidia kikiwekwa baada ya mhadhara wa tarehe 21, na mwalimu akaendelea na ratiba yake kama kwamba hakuna kilichotokea, darasa litafundishwa mkazo kwanza na silabi baadaye. Suluhisho ni rahisi. Mhadhara wa kawaida wa tarehe 21 ubebe mada iliyopotea, na kipindi cha fidia kibebe mada inayofuata. Kilichopotea kinalipwa kwa saa, lakini mfululizo wa mada haukatiki. Hili likikubaliwa, haraka ya kutafuta nafasi kabla ya Jumanne inaisha, na mwalimu anapata siku chache za kupata nguvu. Kumpangia mgonjwa kusimama saa mbili mfululizo kesho yake baada ya mapumziko kuisha ni kutafuta tangazo la pili la kuahirisha.

Anaangalia nafasi za wiki inayoanzia tarehe 20. Jumatatu saa 11 jioni makundi mawili yako huru, lakini watu wa Jiografia wana zoezi la kusoma ramani, na zoezi hilo lina vifaa vya kugawana, halihamishiki. Jumatano saa 8 mchana makundi yote matatu yako huru. Hapo wengi wangeshangilia na kuandika tangazo. Mratibu anauliza ukumbi, anakuta kumbi zinazobeba watu 246 zote zina kozi za pamoja za mwaka wa kwanza, na uliobaki unabeba 120. Nafasi isiyo na ukumbi si nafasi. Kuwarundika watu madirishani na kwenye ngazi ni kuwafundisha waliowahi tu, na anayesoma midomo ya mwalimu au anayehitaji kuona mikono ya mkalimani hataona chochote akiwa nyuma ya mabega ya wenzake.

Jumamosi asubuhi ukumbi upo. Nayo ndiyo siku inayopendwa zaidi kwa fidia kwa sababu haina vipindi. Tunashauri iachwe. Wasabato wanaiadhimisha tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama, na kumwekea mtu mada ya mtihani saa ya ibada yake ni kumtaka achague kati ya imani na alama. Kwa sababu hiyo hiyo Ijumaa kuanzia saa sita mchana hadi saa nane isiguswe, ni wakati wa swala ya Ijumaa, na Jumapili asubuhi pia. Mwanafunzi akikosa kwa sababu hizi huwa halalamiki hadharani. Anaomba madaftari ya mwenzake, anapata nusu ya kilichosemwa, na mwalimu hajui kamwe.

Inabaki Ijumaa, 24 Aprili, saa 9 alasiri hadi saa 11. Swala imekwisha, jua bado liko juu, ukumbi wa kawaida uko wazi. Makundi ya Jiografia na Kiingereza yako huru. Katika kundi la Historia, kikundi kimoja cha semina chenye watu 25 kina kipindi saa 9 hadi saa 10. Hapa mratibu anatumia kanuni ambayo tungependa kila idara iishike, kwamba kitu kidogo ndicho kihame. Semina ya watu 25 inahitaji chumba cha kawaida na idhini ya mwalimu mmoja, na kwa wiki hiyo moja watu wake wanaweza kugawanywa katika vikundi vingine vya semina ile ile. Mhadhara wa watu 246 hauna pengine pa kwenda. Mratibu anampigia mwenzake wa Historia, wanakubaliana, na kikundi kile kinapewa taarifa yake ya maandishi ili mtu asiandikwe mtoro huku alikuwa Fonolojia.

Wanabaki sita wanaorudia kozi. Ratiba zao zimechanganyika, mguu mmoja mwaka wa pili na mwingine mwaka wa tatu, na wawili kati yao wana mhadhara mwingine saa ile ile. Tuseme wazi kwamba hakuna nafasi itakayomfaa kila mtu bila kumbakiza hata mmoja katika darasa la ukubwa huu. Lakini kuwabakiza wawili ukijua majina yao, na kuwapangia saa moja ofisini kwa mwalimu wiki inayofuata, ni jambo tofauti kabisa na kuwabakiza themanini bila kujua. Na katika mfano wetu darasani kuna viziwi wawili. Mkalimani wa lugha ya alama ana ratiba yake, yuko na darasa jingine saa za Ijumaa au hayuko, na asipoulizwa kabla, kipindi cha fidia kwa hao wawili kitakuwa saa mbili za kutazama midomo ikicheza. Mratibu anampigia simu naye pia, kabla ya kuandika chochote.

Limebaki jaribio. Alhamisi ya tarehe 23 lilikuwa lihusu mada tano, silabi ikiwa ya tano. Sasa silabi itafundishwa tarehe 21, na semina yake itawafikia baadhi ya vikundi baada ya jaribio. Kuna njia mbili, kusogeza tarehe au kupunguza mada. Tunachagua ya pili bila kusita. Tarehe ya jaribio imeshapangwa ikizungukwa na majaribio ya kozi nyingine, na kuisogeza wiki moja mbele kunaweza kulibwaga juu ya jaribio la Historia, huku Ijumaa ya wiki hiyo ikiwa ni Mei Mosi. Kupunguza mada hakumgonganishi mtu. Silabi itaulizwa katika mtihani wa mwisho wa muhula. Kinachotakiwa ni kulisema hilo ndani ya tangazo lile lile, kwa sababu swali la kwanza litakaloingia kundini baada ya pole litakuwa "na testi ipo?"

Tangazo linalotoka Jumanne, saa 9:30 alasiri, linasomeka hivi:

TANGAZO
Kwa: Wanafunzi wote wa Fonolojia ya Kiswahili, mwaka wa pili, pamoja na wanaorudia kozi
Tarehe: Jumanne, 14 Aprili 2026

Ndugu wanafunzi,

Mhadhara wa Jumanne, 14 Aprili 2026, saa 4:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana (10:00–12:00), haukufanyika kwa sababu mwalimu wa kozi anaumwa. Amepumzishwa hadi Ijumaa, 17 Aprili.

Mada ya silabi itafundishwa Jumanne, 21 Aprili, saa na ukumbi wa kawaida. Mada ya mkazo itafundishwa katika kipindi cha fidia Ijumaa, 24 Aprili 2026, saa 9:00 hadi 11:00 alasiri (15:00–17:00), ukumbi wa kawaida. Mkalimani wa lugha ya alama atakuwepo siku zote mbili.

Semina za wiki hii zipo. Zitafanya mazoezi ya mada ya nne.

Jaribio la Alhamisi, 23 Aprili, lipo kama lilivyopangwa. Litahusu mada ya kwanza hadi ya nne tu.

Mwenye kipindi kingine Ijumaa, 24 Aprili, saa hizo, ampe kiongozi wa darasa jina lake na jina la kozi inayogongana kabla ya Alhamisi, 16 Aprili, saa 12:00 jioni (18:00). Watakaoshindwa kabisa kufika watakutana na mwalimu ofisini Jumatatu, 27 Aprili, saa 8:00 hadi 9:00 alasiri (14:00–15:00).

Mkuu wa Idara, kwa niaba ya mwalimu wa kozi
Nakala: mratibu wa ratiba, mwalimu wa semina, mkalimani, kiongozi wa darasa

Tazama mstari unaotaka jina la kozi inayogongana. Umewekwa makusudi. Ukiwauliza watu "nani hawezi?", utapata majibu ya kila namna, pamoja na ya wanaotaka kuwahi basi la Ijumaa kwenda kwao. Ukiomba jina la kozi, unapata kitu ambacho mratibu anaweza kukihakiki kwenye ratiba kwa dakika moja. Wakitokea watatu kutoka kozi ile ile, ujue kuna kundi zima ulilolisahau, na bado una wiki nzima ya kurekebisha. Ndiyo maana muda wa pingamizi unafungwa Alhamisi ya wiki hii, badala ya asubuhi ya kipindi chenyewe.

Je, saa mbili zina thamani ya usumbufu wote huo? Tufanye hesabu kwa kipimo cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu inadai krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka na 60 kwa muhula. Krediti 60 ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki, na ndani yake mna mihadhara, semina, mazoezi na kujisomea. Wiki ya mwanafunzi kwa hesabu hiyo imejaa tangu mwanzo. Kila kipindi cha fidia kinakula saa ambazo alizitenga kusoma kitu kingine. Kimoja kwa wiki kinavumilika. Vinne vilivyorundikwa katika wiki ya 15, kila kimoja saa mbili, vinamla saa nane katika wiki anayozihitaji kuliko nyingine zote, kisha tunamshangaa akipata sapu.

Hesabu hiyo inaonyesha pia mahali ambapo fidia inakoma kuwa dawa. Mhadhara mmoja kati ya 15 unafidika. Miwili inafidika kwa taabu. Mwalimu akipoteza wa tatu mfululizo, idara iache kupanga fidia na itafute mwalimu mwingine wa kushika kozi, hata kama ni kwa mwezi mmoja. Walimu wengi hawapendi, wanaona kama wananyang'anywa kozi yao, na wakuu wa idara wanaona aibu kumwambia mgonjwa. Uamuzi huo uwekwe kwenye utaratibu wa idara mapema, wakati hakuna anayeumwa, ili ukifika usionekane umemlenga mtu. Nchi nzima ililionja jambo hili mwaka 2020. Vyuo vilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona na vikafunguliwa 1 Juni. Wiki kumi za kukaa nyumbani hazikuwa za kuzibwa kwa vipindi vya Jumamosi. Kalenda yenyewe ya masomo ndiyo iliyobidi ipangwe upya. Ugonjwa wa mwalimu mmoja ni mdogo mno ukilinganisha na ule, lakini kila pengo lina ukubwa ambao likiuvuka halizibiki kwa saa za ziada.

Tunajua wapo watakaosema njia ya mkato ipo, yaani mwalimu apandishe maandishi ya somo, darasa lijisomee, kipindi kihesabiwe kimefanyika. Kwa baadhi ya mada inawezekana, na mwalimu atakayerekodi sauti yake akishapona na kuituma atawasaidia wengi. Lakini maandishi ya mwalimu ni vichwa vya habari anavyovijazia kwa mdomo. Mwanafunzi anayejisomea silabi peke yake atakutana na neno "mbwa", ataona herufi nne na irabu moja mwishoni, atahesabu silabi moja, na hapatakuwa na mtu wa kumsimamisha na kumwonyesha kwamba hiyo "m" inabeba silabi yake yenyewe. Kosa hilo atalibeba hadi kwenye mkazo, kisha hadi chumba cha mtihani. Mada yenye mahali pa kujikwaa namna hiyo inahitaji mwalimu amesimama mbele.

Tunachowaomba wakuu wa idara hakihitaji fedha mpya. Wakati wa kutunga ratiba ya muhula, kabla wanafunzi hawajafika, kila mwaka wa masomo utengewe saa mbili kwa wiki ambazo hakuna kozi ya mchepuo wowote inayoruhusiwa kuzigusa, pamoja na ukumbi mmoja mkubwa kwa saa hizo. Ziandikwe kwenye ratiba kwa jina lake, saa za fidia, Jumatano alasiri au siku nyingine yoyote ambayo haina ibada. Wiki ambayo hakuna aliyeugua, wanafunzi wazitumie kujisomea. Walimu wawili wakiugua wiki moja, aliyetoa taarifa kwanza achukue wiki hiyo na wa pili achukue inayofuata. Mratibu awe na daftari moja la kuandika nani amechukua saa ipi, nalo likae wazi ofisini ili kiongozi wa darasa alisome bila kuomba ruhusa. Ratiba ya muhula ujao ndiyo ya kuanzia, na idara zinazotunga ratiba sasa hivi bado zina nafasi ya kuziingiza.